Kampuni tanzu ipi hasa inaleta mapato ya kundi?

Ukisoma ripoti ya mwaka ya kundi lililo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, usiishie kwenye jumla ya mapato ya kila kitengo. Fungua maelezo ya vitengo vya biashara (IFRS 8), utafute mstari wa mauzo kwa wateja walio nje ya kundi. Tuseme kiwanda kinaonyesha shilingi bilioni 10, lakini 7 ni za bidhaa kilizoiuzia kampuni dada ya usambazaji, nayo ikaziuza nje ya kundi kwa bilioni 9. Safu ya maondoleo inafuta hizo 7, kundi linabaki na 12: msambazaji 9, kiwanda 3 tu. Faida ni suala jingine, maana bei wanayouziana ndiyo huamua itaonekana wapi. Tena kitengo kimoja huweza kubeba kampuni tanzu kadhaa, kwa hiyo linganisha na orodha ya kampuni tanzu.