Bapa mguso kwa mfano wa 3, 4, 5 wa mafundi

Jumapili nilikaa na binti wa dada yangu, yuko mwaka wa pili chuoni, kwenye swali moja la bapa mguso, yaani uso ulionyooka unaougusa uso uliojipinda kwenye nukta moja, nasi tunautumia kukadiria thamani za karibu na nukta hiyo. Hatua nyingine zote zilituchukua dakika kumi. Ya tatu ilitula mchana mzima, kwa hiyo hapa chini utaiona imetanuka kuliko wenzake.

Mfano ni ule wa fundi anayepiga skwea kona ya msingi: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kamba ya ulalo isome mita 5. Sasa vipimo vimetoka 3.02 na 3.97. Ulalo usome ngapi ili kona ibaki skwea?

Hatua ya 1: Andika fomula na nukta ya karibu.

```
f(x, y) = √(x² + y²)
f(3, 4) = 5
```

Nukta unayoichagua iwe karibu na unayoitafuta, na thamani yake uijue bila kuhangaika.

Hatua ya 2: Tafuta derivativu sehemu. Unapotafuta ya x, y ichukulie kama namba isiyobadilika. Ya y, vivyo hivyo kwa x.

```
f_x = x / √(x² + y²)
f_y = y / √(x² + y²)
```

Hatua ya 3: Weka namba ndani ya derivativu, kabla ya kitu kingine chochote. Binti alizichukua f_x na f_y zikiwa bado na herufi, akazipachika kwenye mlinganyo wa bapa, ambamo z ni ulalo unaokadiriwa:

```
z = 5 + x/√(x² + y²)·(x − 3) + y/√(x² + y²)·(y − 4)
```

Hili si bapa. Bapa mguso lina miteremko miwili tu, mmoja wa kuelekea x na mmoja wa kuelekea y, na yote miwili ni namba zilizopimwa pale pale kwenye nukta ya mguso. Ukisogeza x kwa mita moja, z lazima ibadilike kwa kiasi kile kile popote ulipo juu ya bapa. Ukiona kipeuo, x² au xy kwenye mlinganyo wako, umeandika uso mwingine uliojipinda.

Kilichotupotezea muda ni kwamba kosa hili halijitangazi. Tulipoweka 3.02 na 3.97 kwenye mlinganyo wake, jibu lilikuwa 4.98823, na jibu halisi ni 4.98812. Kila tulipohakiki, tuliona tuko sawa. Kwa hiyo usilikague bapa kwa jibu la karibu. Kagua umbo la mlinganyo wenyewe.

Ukiweka namba:

```
f_x(3, 4) = 3/5 = 0.6
f_y(3, 4) = 4/5 = 0.8
```

Mimi siendelei kabla ya kuzipima kwa kikokotoo. f(3.01, 4) ni 5.00601; toa 5, gawanya kwa 0.01, unapata 0.601. Inakaribia 0.6, kwa hiyo derivativu ni sahihi. Fanya hivyo na kwa y.

Hatua ya 4: Andika bapa.

```
z = 5 + 0.6(x − 3) + 0.8(y − 4)
```

Walimu wengi hutaka ufungue mabano. Mtihani ukidai, fungua. Kwa kukadiria yaache, maana ndani yake unaona umesogea kiasi gani kutoka kwenye nukta.

Hatua ya 5: Kadiria. Angalia alama: 3.97 − 4 ni hasi.

```
z = 5 + 0.6(0.02) + 0.8(−0.03)
  = 5 + 0.012 − 0.024
  = 4.988
```

Tofauti na jibu halisi ni kama sehemu ya kumi ya milimita, ambayo kamba ya fundi haiwezi kuisoma.

Liaminike hadi wapi? Ongeza msogeo mara mbili, yaani 3.04 na 3.94. Bapa linatoa 4.976, ukweli ni 4.97646. Kosa limekua mara nne, si mara mbili. Nenda mbali hadi (4, 3): bapa linasema 4.8 wakati ulalo ni 5 kamili, na hapo umekosea sentimita 20. Kwa uso huu makadirio hayazidi ukweli kamwe, kwa sababu uso ni koni iliyosimama kwa ncha, na bapa linaigusa kwa chini.

Kwenye ncha yenyewe, (0, 0), usijaribu. Ukikata koni kwa kushika y = 0, unabaki na |x|: upande mmoja mteremko ni −1, upande wa pili ni 1. Hakuna namba moja ya kuweka mahali pa f_x, na kwa hiyo hakuna bapa mguso hapo.