Asilimia iandamane na idadi ya watu

Ukiandika ripoti ya dodoso, usiiache asilimia peke yake. Tuseme umewauliza watu kama wanaridhika na huduma ya maji. Mjini wameridhika 300 kati ya 400, kijijini 6 kati ya 8. Kwenye chati, nguzo zote mbili zinasimama kwenye 75%, na msomaji ataamini matokeo ni sawa. Lakini kijijini, mtu mmoja tu akibadili jibu, 75% inaruka hadi 88%. Mjini hata haitikisiki. Kwa sampuli ya nasibu, kiwango halisi cha mjini huenda kiko kati ya 71% na 79%; cha kijijini, popote kati ya 41% na 93%.

Kwa hiyo andika "75% (300/400)". Kwenye Excel, ikiwa walioridhika wako B2 na waliojibu wako C2:

```
=TEXT(B2/C2,"0%")&" ("&B2&"/"&C2&")"
```

C2 iwe idadi ya waliojibu swali hilo hasa, si wote waliohojiwa. Hapo ndipo wengi hukosea, maana baadhi ya maswali hurukwa.

Ripoti za DHS, yaani tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, za Tanzania na Kenya zikiwemo, huweka mabano kwenye asilimia zinazotokana na watu 25 hadi 49, na chini ya 25 huficha asilimia na kuweka nyota. Kwa kundi la watu 8, mimi ningeandika "6 kati ya 8" bila asilimia kabisa.