Namna ya kuandika maelezo ya sofa ya kulipia polepole, bei zote zikionekana

Haya ni kwa mwenye duka la fanicha Kenya anayeweka picha ya sofa mtandaoni, na mteja anachukua kwa dipoziti halafu anamalizia kila mwezi.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuandika. Tuseme sofa ya watu 7 ni Sh 60,000 kwa keshi. Ukiuza kwa miezi 12 unataka jumla ya Sh 70,000, dipoziti ikiwa Sh 15,000. Salio ni Sh 55,000. Gawa kwa 12 upate Sh 4,583 na senti. Hakuna anayelipa hivyo, kwa hiyo unaandika Sh 4,600. Wengi huishia hapo na kuacha jumla ikisomeka 70,000. Rudi nyuma uzidishe: 4,600 mara 12 ni 55,200, ongeza dipoziti, jumla ni Sh 70,200. Hiyo ndiyo ya kuandika, kwa sababu mteja mwenye kalkuleta ataifikia kabla hajakupigia simu. Kama kuna ada ya fomu ambayo kila mtu lazima alipe, nayo iingie kwenye jumla.

Hatua ya 2: Andika kwa mpangilio huu.

Sofa ya watu 7
Keshi: Sh 60,000
Polepole: dipoziti Sh 15,000, kisha Sh 4,600 kwa mwezi, miezi 12
Jumla utakayolipa: Sh 70,200 (Sh 10,200 zaidi ya keshi)
Unaondoka na sofa ukilipa dipoziti. Inakuwa mali yako ukimaliza malipo.
Usafiri ndani ya Nakuru mjini ni bure.

Bei ya keshi usiiache. Sheria ya Kenya ya mauzo ya aina hii, Sura ya 507, inataka mteja aijue kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, na tangazo linaloionyesha wazi linakubalika.

Mstari wa "unaondoka na sofa" pia una kazi kubwa. Maduka mengi yanayosema lipa mdogo mdogo hukaa na bidhaa mpaka shilingi ya mwisho, na mteja asipoambiwa mapema atakuja na pikapu siku ya dipoziti.

Hatua ya 3: Angalia kwenye simu. Maelezo marefu hukatwa, na mengine hufichwa mpaka mtu abonyeze. Jumla ikifichwa huku Sh 4,600 ikionekana, futa maneno ya sifa yaliyo juu mpaka zote zionekane pamoja. Kwenye picha yenyewe, usiandike 4,600 kwa herufi kubwa na jumla kwa herufi za kusoma kwa miwani. Ziwe saizi moja.

Hatua ya 4: Andaa jibu la swali litakalokuja: "Nikikwama mtanyang'anya?" Sheria hiyo hiyo inasema mteja akishalipa theluthi mbili, huwezi kuchukua mali bila kwenda kortini. Hapa theluthi mbili ni Sh 46,800, na mteja anaivuka akilipa mwezi wa 7, anapofikisha Sh 47,200. Mjibu hivyo, kwa tarakimu.