Picha ya ubongo ya utafiti kwa mzee mwenye dimenshia, ugonjwa wa kusahau: ridhaa, na uvimbe ambao hakuna aliyeutafuta

Hatua ya 1. Usiamue kama mzee anaweza kuridhia kwa kutazama alama za jaribio la kumbukumbu. Mwenye alama ndogo huweza kuamua jambo jepesi, na mwenye alama nzuri huweza kushindwa. Unapima uamuzi huu mmoja, siku hii. Mzee wangu ni askari mstaafu wa Jinja, miaka 74. Kiswahili cha kambini ndicho kilichokuwa bado imara kwake, na kamati ya maadili ilikwisha kuidhinisha fomu ya Kiswahili. Nilikwenda asubuhi, akili yake ikiwa imetulia.

Hatua ya 2. Eleza kipande kimoja, kisha mwombe akirudie kwa maneno yake. Sikiliza mambo manne: ameelewa, anaona yanamhusu yeye, anapima faida na hasara, anachagua na kushikilia alichochagua. Wangu alikwama kwenye la pili. Mzee alijua atalala ndani ya mashine yenye kelele, ila akasema, "Itaniosha kichwa, nisisahau tena." Hiyo bado si ridhaa, maana amedhani utafiti ni tiba. Nikamweleza upya, tukanywa chai, nikauliza tena. "Nyinyi mnajifunza," akasema, "mimi nawasaidia." Hapo nikaendelea. Angerudia lile la kwanza, ningemgeukia mkewe kwa utaratibu ulioidhinishwa na kamati. Hata mke akikubali, mzee akikataa kulala mashineni, kazi inaishia hapo.

Hatua ya 3. Swali hili fomu nyingi hulificha mwishoni, na mimi hulileta mbele: "Tukiona kitu tusichokitafuta, uambiwe? Na nani mwingine aambiwe?" Andika jibu sasa, kwa kuwa baada ya mwaka huenda asiweze kulitoa. Alisema aambiwe, pamoja na mama watoto. Mwambie pia kwamba picha za utafiti hazikupigwa kusaka magonjwa. Tukinyamaza, asidhani tumemthibitisha kuwa mzima.

Hatua ya 4. Kitu kilionekana: uvimbe wa sentimita 1.5 kwenye utando wa ubongo. Fundi wa mashine asiseme neno, wala uso wake usiseme. Daktari bingwa wa picha aisome kwanza, kisha ipigwe picha ya hospitali ya kuthibitisha. Gharama yake iwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo. Familia nyingi hapa Uganda haziwezi kuilipa, na kumpa mtu hofu asiyoweza kuifuatilia ni kumwumiza.

Hatua ya 5. Pima uwezo upya. Kuridhia utafiti si kuridhia upasuaji. Daktari wa upasuaji wa ubongo alishauri kungoja na kurudia picha, na mzee akakubali. Akauliza, "Hicho ndicho kinanisahaulisha?" Kwa ukubwa wake na mahali kilipo, daktari alisema hapana. Siku ile mzee aliuliza mara tatu, nikamjibu mara tatu. Mkewe akaliandika jibu nyuma ya daftari la kliniki, amsomee wakiwa nyumbani.