Usifiche namba ya simu kwa heshi

Ndugu zangu mnaotengeneza mifumo ya wakulima wa korosho hapa Mtwara, namba ya simu iliyopitishwa kwenye MD5 au SHA-256 bila chumvi ya siri bado ni namba ya mkulima. Namba zetu za mkononi huanza na 06 au 07, kisha tarakimu 8. Hizo ni namba milioni 200 tu, na laptopu ya kawaida huzikokotoa zote na kuzilinganisha kwa dakika chache. Nilijaribu kwa namba yangu, ikarudi kabla chai haijapoa.

Kwa majaribio, acheni kabisa safu halisi ya simu, mtengeneze mpya:

```sql
SELECT '0000' || lpad(n::text, 6, '0') AS simu
FROM generate_series(1, 5000) AS n;
```

Tarakimu 10 zinabaki, lakini hakuna mteja mwenye namba inayoanza hivyo, kwa hiyo ujumbe wa malipo haumfikii mtu. Fomu ikizikataa, legezeni kanuni kwenye seva ya majaribio. Msibuni 07 za kubahatisha, maana nyingi zina wenyewe.

Kilo nazo mzitazame. Mkulima pekee wa kijiji fulani Newala aliyepeleka tani 40 ghalani anajulikana hata bila jina, basi mzigo wake nao ubuniwe upya.