PT ya kawaida, APTT imerefuka: namna ya kuyasoma majibu hatua kwa hatua

Nafanya kazi maabara hapa Pemba. Aliletwa mtoto wa miaka sita kutoka upande wa Micheweni, ametahiriwa jana yake na damu bado inachuruzika. Chembe sahani zake, zile zinazoziba jeraha mwanzo, zilikuwa za kutosha. Daktari akaomba PT na APTT, vipimo viwili vya sekunde ambazo damu huchukua kuganda. Nitakupitisha nilipopita mimi, pamoja na pale nilipokaribia kukosea.

1. Angalia chupa kabla ya mashine

Chupa ya kifuniko cha buluu ina mililita 0.3 za sitreti, nayo inataka mililita 2.7 za damu, yaani tisa kwa moja. Sitreti hukamata kalsiamu ili damu isigande. Ya mtoto huyu ilijaa nusu tu, maana alikuwa akipiga mateke. Niliipima kwa haraka: PT sekunde 17, APTT sekunde 96. Zote mbili zimerefuka! Ningeripoti hivyo, daktari angefikiria ini au upungufu wa vitamini K. Kumbe damu ikiwa kidogo sitreti inazidi, na ile kalsiamu tunayoongeza wakati wa kupima inamezwa. Chupa ile niliitupa, tukamtoa damu upya na kujaza mpaka kwenye mstari.

2. Zungusha, pima

Nilizungusha dakika 15 kwenye sentrifuji nikapata plazma, yale majimaji ya damu yanayobaki juu. Kwa PT, plazma iliyopashwa moto hadi nyuzi 37 hutiwa kitendanishi chenye protini ya tishu pamoja na kalsiamu, ukahesabu sekunde mpaka igande. Kwa APTT unatia kwanza fosfolipidi na kichochezi kama kaolini, unasubiri dakika chache kama karatasi ya kitendanishi inavyosema, ndipo unatia kalsiamu na kuanza kuhesabu.

Majibu mapya: PT 12.4, APTT 74. Kwa vitendanishi vyetu kawaida ni 11 hadi 14 kwa PT na 26 hadi 38 kwa APTT. Usichukue viwango vya maabara nyingine, kila kitendanishi kina vyake.

3. Jiulize njia ipi imeziba

Fakta ni protini za damu zinazoamshana kwa zamu mpaka damu igande. PT hupita njia ya nje: fakta ya 7, kisha njia ya pamoja yenye fakta ya 10, 5, 2 na fibrinojeni. APTT huanzia njia ya ndani: 12, 11, 9 na 8, halafu inaingia njia ileile ya pamoja. Kwa mtoto huyu PT ni nzima, kwa hiyo fakta ya 7 na njia ya pamoja hazina kasoro kubwa. Kasoro iko juu ya makutano, upande wa ndani.

Hapa wanafunzi huniuliza: kama PT ni nzima, mbona damu haikati? Kwa sababu kwenye PT tunamwaga protini ya tishu nyingi mno, kiasi cha kuiamsha fakta ya 10 moja kwa moja bila kuhitaji 8 na 9. Kwenye jeraha protini hiyo ni kidogo na huzimwa mapema, hivyo mwili hutegemea 8 na 9 kuendeleza kazi. Njia mbili ni mgawanyo wa chupani, mwilini zimeshikana. Ndiyo maana pia mtu asiye na fakta ya 12 APTT yake hurefuka sana lakini hatoki damu ovyo.

4. Changanya

Nilichanganya plazma yake na plazma ya watu wazima wa afya, nusu kwa nusu, nikapima APTT tena: 33. Baada ya kuuacha mchanganyiko saa mbili kwenye nyuzi 37, ilikuwa 35. Imerekebika na imebaki hivyo, basi kuna fakta inayopungua. Ingekuwa ni kizuizi, yaani kitu ndani ya plazma kinachoizima fakta, isingerekebika, au ingerefuka tena baada ya zile saa mbili, kama kizuizi cha fakta ya 8 kinavyofanya mara nyingi.

5. Uliza ukoo, kisha peleka

Nilimwuliza mamake kama kwao kuna mwanamme aliyewahi kutoka damu sana.

"Kaka yangu," akasema. "Alipotahiriwa alilazwa spitali wiki mbili."

Mjomba kwa upande wa mama: hemofilia, upungufu wa fakta ya 8 au 9 unaorithiwa kupitia kwa mama na kuwashika zaidi wanaume, ikakaa mbele ya akili yangu. Lakini APTT haitenganishi fakta ya 8 na ya 9, na matibabu yake si mamoja. Nilizungusha plazma mara ya pili ili chembe sahani zisibaki, nikaigandisha kwenye friza, ikavuka kwenda Unguja ndani ya barafu kavu. Ikiyeyuka njiani fakta ya 8 hushuka yenyewe na utapewa jibu la uongo. Kwenye fomu niliandika: "Pima fakta ya 8 na 9. Asichomwe sindano ya msuli, asipewe aspirini."