Jinsi ya kuomba nyongeza ya uharibifu wa bahati mbaya kwenye bima ya nyumba yako Tanga

Bima ya kawaida ya nyumba huyataja majanga yake kwa majina: moto, radi, mlipuko, mafuriko, wizi wa kuvunja. Mtoto aliyerusha rimoti ikapasua kioo cha televisheni hayumo kwenye orodha hiyo. Msumari uliopigiliwa ukutani ukatoboa bomba nao haumo. Mambo ya namna hii yana nyongeza yake, uharibifu wa bahati mbaya, inayolipiwa juu ya bima ya msingi, na haiingii kwenye mkataba wako mpaka uiombe kwa maandishi.

Kabla ya kwenda kwa wakala, toa hati yako ya bima kabatini uangalie imeandikwa nini, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Bima ya nyumba kwa kawaida ina sehemu mbili: jengo, na vitu vya ndani. Jengo ni kuta, paa, sakafu, sinki na mabomba yaliyofukiwa ukutani. Vitu vya ndani ni vile ambavyo ungevibeba siku ya kuhama: televisheni, friji, makochi, vyombo. Mara nyingi nyongeza hii huombwa kwa kila sehemu peke yake, na kila sehemu ina kisanduku chake kwenye fomu.

Mama mmoja jirani yangu hapa Chumbageni, nyumba ni yake mwenyewe, aliweka alama kwenye kisanduku cha vitu vya ndani tu. Alikuwa na wajukuu wawili watundu na aliwaza televisheni. Miezi michache baadaye kijana wake alitaka kutundika rafu ya viungo jikoni, juu kidogo ya bomba la sinki. Msumari wa inchi tatu ukazama vizuri, akautoa kuunyoosha, maji yakamrukia usoni. Kufika jioni walikuwa wamebandua vigae vinne, wamekata kipande cha bomba na kuita fundi. Gharama yote ilifika shilingi 310,000. Mama akapeleka madai, akajibiwa kwamba bomba na vigae ni jengo, na kwenye jengo hakuomba nyongeza. Aliumia sana, nami niliumia naye, lakini jibu lilikuwa sahihi kwa mkataba aliosaini.

Kwa hiyo ukiwa mwenye nyumba, omba pande zote mbili. Ukiwa mpangaji, jengo ni la mwenye nyumba wako, wewe omba kwenye vitu vya ndani peke yake. Wakala akikwambia "weka tu hapa, inatosha", mwombe akuonyeshe kwenye mkataba mstari unaosema hivyo.

Sasa fomu yenyewe. Utaulizwa jina, namba ya NIDA, anwani, nyumba imejengwa kwa nini, nani anaishi humo, kama unapangisha vyumba au unafanya biashara nyumbani, na kama umewahi kupata hasara au kukataliwa bima. Jibu kama mambo yalivyo. Nyumba yenye wapangaji au wageni wa kulipia mara nyingi huwekewa masharti tofauti, na ukificha, kampuni itakuwa na haki ya kukataa madai siku ya shida. Kama televisheni ina ufa tayari, useme. Nyongeza hailipi kilichoharibika kabla haijaanza.

Swali linalohitaji utulivu ni thamani ya vitu. Pita chumba kwa chumba na daftari, andika kila kitu kwa bei ya kukinunua leo. Televisheni na friji zipige picha kwa nyuma, namba ya kiwandani isomeke, kisha ambatisha risiti za EFD kama unazo. Usipunguze thamani ili ada ishuke. Tuseme vitu vyako vyote ni vya shilingi 12,000,000 nawe ukaandika 6,000,000. Mtoto akivunja televisheni ya 1,200,000, kampuni inayofuata kanuni ya wastani itasema umekata bima kwa nusu, kwa hiyo unalipwa nusu: 600,000. Bado hapo hawajatoa kile kiasi ambacho kila mkatiwa bima hujibebea mwenyewe. Kikiwa 100,000, unabaki na 500,000 mkononi, na televisheni hununui.

Ndiyo maana kabla ya kulipa uliza mambo mawili, ujibiwe kwa maandishi. La kwanza, kiasi hicho cha kujibebea ni shilingi ngapi kwa kila tukio, maana kikiwa kikubwa, vioo na vyombo vidogo havitafikia kamwe. La pili, je, wanalipa bei ya kitu kipya au wanakata uchakavu? Tofauti ya majibu haya mawili kwa televisheni ya miaka minne inaweza kuwa kubwa kuliko ada uliyolipa.

Halafu soma ukurasa wa visivyolipwa, hata kama maandishi ni madogo. Utakuta uchakavu, kutu, mchwa, panya, kitu kilichoharibika chenyewe kwa hitilafu ya ndani ya umeme au mashine, na uharibifu wa makusudi. Hapa Tanga neno kutu lisome mara mbili. Hewa ya bahari inakula chuma, na nyumba nyingi za zamani bado zina mabomba ya chuma. Bomba lililooza polepole likavuja si bahati mbaya kwa lugha ya bima, kwa sababu nyongeza inataka tukio la ghafla ambalo hukulitarajia.

Ada ilipe kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya wakala, na udai risiti. Usihesabu kwamba umekingwa kabla malipo hayajafika. Ukipewa hati ya nyongeza, angalia vitu vitatu hapo hapo: tarehe ya kuanza, sehemu iliyotajwa (jengo, vitu vya ndani, au vyote), na kiasi. Kama kimeandikwa "vitu vya ndani" nawe uliomba vyote, irudishe siku hiyo hiyo. Bima yenyewe unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Siku msumari ukitoboa bomba, funga koki kuu karibu na mita, kisha piga picha msumari, tundu na maji sakafuni kabla fundi hajagusa kitu. Toa taarifa kwa kampuni mapema, ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Kuzuia maji yasiendelee kuharibu ni wajibu wako, hivyo fundi anaweza kukata na kuunga, ila mwambie asitupe kipande alichokitoa. Kiweke kwenye mfuko. Mtathmini atakishika mkononi: tundu la msumari ni la duara, kingo zake zimebonyea kuelekea ndani, na bomba pembeni yake ni zima. Tundu la kutu lina kingo nyembamba zinazomeguka kwa ukucha, na ukoko wa kahawia kulizunguka. Televisheni iliyovunjika nayo itunze mpaka waje kuiona.

Wakikataa, omba barua yenye kifungu walichokitegemea. Ukiona kifungu hicho hakilingani na tukio lako, barua hiyo pamoja na picha na kile kipande cha bomba ndivyo utakavyovipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.